Barua ya kuomba ufadhili kwenye shule yenye programu ya michezo: mwongozo kwa mwanariadha kijana

Barua ya mwanafunzi anayeomba ufadhili wa michezo husomwa na watu wawili, na kila mmoja ana swali lake. Kocha anataka kujua huyu mtoto bado ana nafasi ya kukua kiasi gani. Mkuu wa shule, au yeyote anayeshika fungu la ufadhili, anataka kujua kama atayamudu masomo na kama familia inahitaji msaada kweli. Barua nyingi ninazosoma hazijibu swali hata moja kati ya hayo. Zinasema mwandishi anaupenda mchezo tangu utotoni, ana nidhamu na ana ndoto ya kuiwakilisha nchi. Huenda yote ni kweli, lakini aliyeandika barua inayofuata kwenye faili naye kasema hivyo hivyo, na kocha anabaki hana cha kushika.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: msichana wa miaka 16, mkimbiaji wa mita 800, anayeomba nafasi kwenye shule ya bweni yenye kocha wa riadha. Nimeutunga, ila namba zake ni za kawaida kwa mkimbiaji wa umri huo anayefanya mazoezi kidogo. Wa michezo ya timu nitawafikia kabla ya mwisho.

Hatua ya 1: Jua barua inaomba nini

Soma tangazo la shule hadi mwisho kabla ya kuandika neno lolote. Shule nyingi za aina hii hazitoi ufadhili kwa barua peke yake. Zinachagua wa kuwaita kwenye majaribio, na nafasi zinagawiwa baada ya hapo. Ikiwa ndivyo, kazi ya barua ni kukufikisha kwenye majaribio, na ukilijua hilo huhangaiki kueleza maisha yako yote. Angalia pia kama ufadhili unabeba ada yote au sehemu tu, kama bweni, chakula na vifaa vimo, na kama kuna alama za chini zinazotakiwa darasani. Andika pembeni jina la cheo cha anayepokea maombi na tarehe ya mwisho.

Halafu kusanya kumbukumbu zako mahali pamoja: kila shindano la misimu miwili au mitatu iliyopita, tarehe yake, muda wako, nafasi uliyoshika, na aliyepima alitumia saa gani. Kama hukuwa unaandika, mwulize mwalimu wa michezo au waandaaji wa mashindano. Mara nyingi karatasi za matokeo zipo kwenye kabati la mtu. Shindano usilopata uthibitisho wake liache. Kocha anayepokea barua huwa anawafahamu makocha wenzake, na simu moja inatosha kuulizia.

Hatua ya 2: Andika muda jinsi ulivyopimwa

Hapa ndipo vijana wengi wanajiharibia bila kujua. Anayepima kwa saa ya mkononi huchelewa kidogo kuibonyeza baada ya mlio wa bastola ya kuanzia, kwa sababu lazima kwanza ausikie au auone moshi. Kwenye mstari wa kumalizia anakuona ukija, kwa hiyo hachelewi kiasi hicho. Matokeo yake, muda wa saa ya mkononi huonekana mzuri kuliko uliokimbia. Ndiyo maana kwenye mita 100 na 200 makocha huongeza sekunde 0.24 wanapoulinganisha na muda wa mtambo wa elektroniki. Kwenye mita 800 tofauti hiyo haina uzito mkubwa, lakini bado anayesoma anataka kujua.

Kuna dalili moja ambayo kocha huiona mara moja. Kwa kanuni za riadha, muda wa saa ya mkononi kwenye mbio za uwanjani huandikwa hadi sehemu ya kumi ya sekunde tu, na kinachozidi kinapandishwa juu. Saa ikionyesha 2:14.83, matokeo yanaandikwa 2:14.9. Mwanafunzi akiandika 2:14.83 kutoka kwenye shindano ambalo halikuwa na mtambo wa elektroniki, kocha anajua kuwa namba hiyo imesomwa kwenye simu ya rafiki kando ya uwanja. Hatakuita mwongo, ila ataanza kuzitilia shaka namba zako nyingine. Andika 2:14.9, na useme ni saa ya mkononi.

Mrukaji chini, mrukaji miruko mitatu na mkimbiaji wa mita 100, 200 au wa viunzi vya mbio fupi waongeze habari ya upepo kama ilipimwa. Upepo wa nyuma ukizidi mita 2.0 kwa sekunde, matokeo hayahesabiki kwa rekodi, na ni vizuri ukisema mwenyewe kabla hujaulizwa.

Hatua ya 3: Aya ya maendeleo

Aya hii ndiyo inayobeba barua, kwa hiyo ipe muda kuliko nyingine zote. Huyu msichana wetu aliandika hivi mara ya kwanza:

> Mimi ni mkimbiaji hodari wa mita 800. Nimeshinda medali nyingi katika mashindano mbalimbali na muda wangu ni 2:14.

Medali hazimwambii kocha kitu kama hajui walikuwepo wakimbiaji gani. Muda mmoja peke yake nao haumwambii unaelekea wapi. Sasa soma ya pili:

> Nilizaliwa mwezi wa Oktoba na sasa nina miaka 16. Nilianza kukimbia mita 800 nikiwa na miaka 14. Muda wangu bora ulikuwa 2:24.6 msimu wa kwanza, 2:19.8 msimu wa pili, na 2:14.9 msimu huu. Zote zilipimwa kwa saa ya mkononi kwenye uwanja wa nyasi. Nafanya mazoezi siku 3 kwa wiki, jumla ya kilomita 20 hivi, na sijawahi kufanya mazoezi ya nguvu kwa mpangilio.

Kocha akisoma hapa anaanza kupiga hesabu. Karibu sekunde 10 zimepungua kati ya msimu wa kwanza na huu, kwa siku 3 za mazoezi kwa wiki, kwenye nyasi. Akimpa siku 5, uwanja mzuri na mazoezi ya nguvu, itakuwaje? Chini yake kwenye faili kuna mwingine mwenye 2:12, ambaye anafanya mazoezi siku 6 kwa miaka mitatu na muda wake haujasogea. Makocha wengi watamwita kwanza huyu wa 2:14.9, kwa sababu mwingine ameshatumia sehemu kubwa ya kile ambacho programu ingempa. Kwa hiyo usione haya kusema mazoezi yako ni machache. Wala usiyapunguze ili uonekane wa ajabu, maana wiki ya kwanza ya majaribio itaonyesha mwili umezoea nini.

Mwezi wa kuzaliwa nao una kazi yake. Mashindano ya vijana hupangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, na waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka wanakuwa wengi kwenye timu za vijana kwa sababu wamewatangulia wenzao kukua kwa miezi kadhaa. Aliyezaliwa Oktoba na bado anashindana nao ana habari njema kwa kocha, lakini kocha hawezi kuijua kama haijaandikwa. Vivyo hivyo kwa urefu: kama umeongezeka sentimita 6 kwa mwaka mmoja uliopita, sema. Ina maana mwili bado unakua.

Na kama muda wako umesimama au umerudi nyuma? Kwa wasichana wengi hilo hutokea kwa msimu mmoja au miwili mwili unapobadilika katika ujana, na kocha aliyelea wakimbiaji wa umri huo analifahamu vizuri. Usiuruke mwaka huo kwenye barua. Pengo linaonekana kirahisi kuliko muda mbaya, na msomaji atalijaza kwa mawazo yake mwenyewe. Andika muda ulivyo, taja urefu ulivyobadilika, kisha endelea.

Hatua ya 4: Eleza shindano moja kwa karibu

Shindano moja tu, au mawili yanayoenda pamoja, aya moja. Chagua lile linaloonyesha ulijifunza kitu, hata kama hukushinda. Msichana wetu alichagua mawili ya msimu huu:

> Mwanzoni mwa msimu nilikimbia mzunguko wa kwanza kwa sekunde 63.5 na wa pili kwa 72.8, nikamaliza kwa 2:16.3. Nilipitwa na watatu kwenye mita 150 za mwisho. Mwalimu wangu alinipa mazoezi ya mita 400 kwa sekunde 67, nikirudia mara 3 kwa mapumziko marefu, ili niizoee hiyo kasi bila kutazama saa. Kwenye fainali ya mwisho wa msimu nilikimbia 66.0 na 68.9, jumla 2:14.9. Nilikuwa wa sita kwenye mzunguko wa kwanza na nikamaliza wa pili.

Angalia kilichomo. Mzunguko wa kwanza umepungua kasi kwa sekunde 2 na nusu, ilhali muda wote umekuwa bora kwa zaidi ya sekunde moja. Tofauti kati ya mizunguko imeshuka kutoka sekunde 9.3 hadi 2.9. Kocha wa mita 800 haelezwi zaidi ya hapo: huyu mtoto anaelewa mbio zake, anafundishika, na alikuwa na uvumilivu wa kukaa wa sita wakati wengine wanakimbilia mbele. Yeye mwenyewe hakutumia neno nidhamu wala bidii hata mara moja.

Kama huna muda wa kila mzunguko, eleza mbio kwa nafasi: ulikuwa wa ngapi kwenye kengele, ulianza kusogea wapi, nani alikupita na kwa nini.

Hatua ya 5: Jeraha

Wazazi wengi hushauri lifichwe. Mimi nashauri liandikwe, kwa sababu ya usalama wa mtoto kwanza. Kocha asiyejua kuwa mwaka jana ulikuwa na maumivu ya mfupa wa ugoko anaweza kukuongezea kilomita haraka kwa nia njema kabisa, ukaishia na ufa kwenye mfupa. Sentensi tatu zinatosha: lilikuwa nini na lini, ulitibiwa vipi, na umebadilisha nini.

> Mwezi Februari mwaka jana nilipata maumivu ya ugoko wa kulia na nikapumzika kukimbia kwa wiki 6 kwa ushauri wa daktari. Nilirudi kwa kutembea na kukimbia kwa zamu, na tangu hapo siongezi kilomita kwa ghafla. Sijapata maumivu hayo tena.

Kama hujawahi kuumia, usiandike kitu. Sentensi ya kujisifu kuwa huumii haina kazi.

Hatua ya 6: Darasa na ada

Sasa unaongea na yule msomaji wa pili. Anachoogopa ni kumleta mwanafunzi ambaye baada ya mihula miwili atakuwa ameachwa na masomo kwa sababu ya safari za mashindano. Mjibu kwa somo moja au mawili na alama zake, na kama kuna somo lililoshuka, sema limeshuka na unafanya nini. Msichana wetu aliandika kwamba hesabu yake ilishuka kutoka 68 hadi 57 kwenye muhula wa mashindano, kisha ikapanda hadi 64 baada ya kuhamishia mazoezi ya jioni moja asubuhi ili apate saa ya kukaa na mwenzake anayeiweza. Hiyo inaaminika kuliko orodha ya alama nzuri tupu, na ripoti ya shule utakayoambatanisha itaithibitisha.

Kuhusu ada, sema wazi bila kuomboleza. Wanaopitisha fungu wanahitaji kujua familia inaweza kubeba nini, maana mara nyingi wanagawa kiasi kile kile kwa watoto kadhaa. "Mama yangu anaweza kulipa theluthi moja ya ada na nauli zangu, hawezi kulipa bweni" ni sentensi wanayoweza kuifanyia kazi. Kaeni na mzazi au mlezi muipange hesabu hiyo kabla, kwa sababu ataulizwa. Shida za nyumbani zisizohusiana na ada si lazima uziandike. Ni zako, na hakuna nafasi ya shule inayostahili kununuliwa kwa kuzianika mbele ya watu usiowajua.

Hatua ya 7: Ifunge na uipange

Mwanzo wa barua uwe mfupi. Baada ya anwani, tarehe na kichwa cha barua, sentensi mbili tu: wewe ni nani, uko darasa gani, unaomba nafasi ipi na kuanzia lini. Kisha maendeleo, shindano, jeraha, darasa, ada. Mwisho omba jambo moja linaloeleweka: "Naomba kualikwa kwenye majaribio ya mwezi ujao, na kama hayapo, niko tayari kukimbia mbele ya kocha siku yoyote ya Jumamosi." Weka pia sentensi moja ya kwa nini shule hii, lakini iwe ya kweli na isiyoweza kupelekwa kwa shule nyingine: labda wana kikundi cha wakimbiaji wa masafa ya kati, na wewe hadi leo unafanya mazoezi peke yako.

Yote iingie kwenye ukurasa mmoja, maneno 350 hadi 450. Iandike kwa maneno yako. Mwalimu akusahihishie tahajia na namba, ila asikuandikie. Siku ya mahojiano kocha atakuuliza kuhusu yale ya ndani, na sauti ya mtu mzima kwenye barua ya mtoto wa miaka 16 inajulikana mstari wa pili.

Anayecheza mpira wa miguu, kikapu, wavu au netiboli hana muda wa kuandika, lakini mpangilio ni ule ule. Badala ya muda taja nafasi unayocheza, mechi ulizoanza na ulizoingia badala, na kitu kimoja ambacho msimu uliopita hukukiweza na sasa unakiweza. Ukipeleka video, weka kipindi kizima cha mechi moja mbali na vipande vya mabao. Kocha anataka kuona unafanya nini ukiwa huna mpira na baada ya kuupoteza, na hayo hayamo kwenye vipande vizuri. Taja rangi ya jezi na namba yako, maana mtu anaweza kutazama dakika 10 akiwa anamwangalia mwenzako.

Hatua ya 8: Kutuma

Ambatanisha ripoti mbili za mwisho za shule, ukurasa mmoja wa matokeo yako yote kwa tarehe, na barua ya kocha au mwalimu wa michezo. Mwombe mwalimu mapema, angalau wiki mbili kabla, na umpe ule ukurasa wa matokeo ili namba zake zisipishane na zako. Zikipishana, hata kwa sehemu ya kumi, anayesoma hawezi kujua nani amekosea.

Tuma kwa anwani rasmi ya shule, na mzazi au mlezi apate nakala. Wewe bado ni mtoto kisheria, na shule makini itataka kuwasiliana na mtu mzima wako. Ukipigiwa na mtu anayejiita wakala au kocha, akataka pesa "ya kukushikia nafasi", au akataka uende peke yako kwenye majaribio yasiyojulikana na shule, au akaomba picha zako kwa ujumbe wa binafsi, usimjibu. Mwoneshe mzazi ujumbe huo, kisha pigeni simu shuleni kwa namba iliyo kwenye tangazo lao rasmi.

Baada ya hapo endelea kukimbia na kuandika daftari lako. Wiki tatu zikipita bila jibu, tuma ujumbe mfupi wa kuulizia kama maombi yamefika. Ukipata muda bora mpya kabla hawajaamua, utume hata kama hawajakuuliza, kwa mistari miwili: tarehe, muda, ulivyopimwa, na muda wa kila mzunguko. Na wakikukatalia, waandikie kuomba jambo moja tu: ni muda gani, au alama gani, wangependa kuuona mwakani. Makocha wengi hujibu swali hilo, na jibu lao ndilo utakaloanzia nalo barua ya msimu ujao.